Watu 96 Wanafuturu Dakika Moja

Jioni ya kwanza ya mfungo, mwaka ambao nilikabidhiwa ukumbi na jiko la mkahawa kwa pamoja, viti vyetu vyote 96 vilijaa dakika 20 kabla ya Magharibi. Nilisimama mlangoni nikimshukuru Mungu. Mezani kulikuwa na maji na tende, na niliamini mengine yatakwenda kama siku zote: mgeni anaketi, mhudumu anaandika oda, jiko linapika, chakula kinatoka.

Adhana ikatoka, watu wakafuturu kwa tende, na mikono ikaanza kuinuka kila upande. Wahudumu 6 waliandika oda za meza 24 ndani ya dakika 10, na karatasi zote 24 zikafika jikoni kama mvua. Mpishi mkuu alizitazama, akaniangalia, hakusema neno. Meza ya mwisho ilipata supu dakika 38 baada ya adhana. Mzee mmoja aliyekuja na wajukuu wake aliniita nilipopita. "Mwanangu," akasema, sauti yake ya chini kabisa, "sisi si wateja wa kusubiri. Tumeshasubiri tangu alfajiri."

Usiku huo sikulala vizuri, kwa kuwa alisema kweli. Siku ya kawaida wageni 96 wanaingia katika muda wa saa mbili au tatu, na jiko halina zaidi ya meza 4 au 5 za kushughulikia kwa wakati mmoja. Wakati wa futari wote wana njaa katika sekunde ileile. Hata ukiongeza wapishi wawili, majiko na mashine za kukaangia ni zilezile. Kwa hiyo haikuwa suala la kufanya kazi haraka zaidi baada ya adhana. Ilibidi kazi karibu yote iwe imekwisha kabla yake.

Kesho yake tulibandika karatasi kubwa ukutani jikoni. Katikati tuliandika adhana na kuiita sifuri. Kila jambo likapewa dakika zake kabla ya sifuri au baada yake, kwa sababu saa ya Magharibi husogea mwezi unavyoendelea, kidogo sana kwa walio karibu na ikweta na dakika moja hata mbili kila siku kwa walio mbali nayo. Ukimwambia kijana "kaanga saa 12 kasorobo", wiki ya tatu atakuwa amekosea bila kosa lake. Ukimwambia "kaanga dakika 25 kabla", hatakosea. Kila asubuhi mmoja wetu aliandika saa ya Magharibi ya siku hiyo kwa chaki juu ya karatasi ile, kutoka kwenye ratiba ya msikiti wa jirani.

Jambo la pili lilikuwa kuelewa kwamba futari ni milo miwili. Mwenye saumu anafungua kwa tende na maji, anakunywa supu, anagusa kitafunio, kisha wengi wanainuka kuswali. Chakula kizito wanakitaka wakirudi, dakika 15 hadi 20 baadaye. Mimi siku ya kwanza nilikuwa nimepika vyote vitoke pamoja, nikaharibu vyote viwili. Tukagawanya. Wimbi la kwanza lazima liwe mezani kabla ya sifuri, lote, mgeni asihitaji kumwita mtu. Wimbi la pili linatoka dakika ya 18, na oda yake inajulikana tangu mchana, kwa sababu tuliacha menyu ya kawaida kabisa. Anayehifadhi meza kwa simu anachagua moja kati ya vyakula viwili, wali na nyama au wali na kuku. Asiyehifadhi anachagua akikaribishwa mlangoni. Wengine walinung'unika siku mbili za kwanza, kisha wakaona chakula kinafika, wakanyamaza.

Supu ndiyo iliyotusumbua kuliko yote. Kwa mililita 200 kila mtu, watu 96 wanahitaji lita 19 na kidogo. Kuipika si kazi. Kazi ni kuifikisha mezani ikiwa moto kwa watu wote katika dakika moja. Tulijaribu kujaza bakuli dakika 10 kabla. Supu ikapoa na juu yake ikajitanda mafuta. Tulijaribu kujaza dakika 3 kabla. Mabakuli 96 kwa upawa mmoja hayajazwi kwa dakika 3, na kijana mmoja aliungua mkono kwa haraka. Aliyetutoa hapo ni mama mmoja wa kuosha vyombo. Alisema, "Nyumbani kwangu tuko kumi, naweka kwenye chupa ya chai." Tukanunua chupa za chai za lita moja, 24, moja kwa kila meza ya watu 4. Unaisuuza kwanza kwa maji yanayochemka ili isile joto la supu, unajaza supu inayochemka, unafunga, unaipeleka mezani dakika 8 kabla, bakuli tupu kando yake. Wageni wanamiminiana wenyewe, na hilo lilileta kitu ambacho hatukukipanga: watu wasiojuana kwenye meza moja walianza kuhudumiana.

Kuna masharti yake. Supu lazima ichujwe, kwani kipande cha nyama kikikwama kwenye kifuniko kinaoza humo bila kuonekana. Mpira wa kifuniko unatolewa na kuoshwa kila usiku, na chupa inaachwa wazi, kichwa chini, hadi ikauke. Na chupa ya supu haiwi tena ya chai, harufu haitoki. Tulipima kwa kipimajoto kabla ya kuamini: saa moja baada ya kujazwa, supu ilikuwa bado juu ya nyuzi 70. Chakula cha moto kinachosubiri kisishuke chini ya nyuzi 60, maana chini ya hapo vijidudu wanaanza kuzaliana.

Vitafunio vya kukaanga vilihitaji hesabu. Tulikuwa tunatoa sambusa 3 kwa kila mtu, jumla 288. Mashine zetu mbili zinabeba sambusa 20 kila moja, na mkupuo mmoja, ukihesabu na muda wa mafuta kurudisha joto, unachukua dakika 7. Hiyo ni mikupuo 8, karibu saa nzima. Maana yake sambusa za kwanza zinafika mezani zikiwa na umri wa saa moja, laini kama mkate uliolowa. Na kijana wa kukaanga, akiona muda unamwishia, anajaza 30 kwenye kikapu cha 20. Hapo mafuta yanapoa, sambusa zinanyonya mafuta badala ya kuiva, na unaijua hali hiyo kwa sikio kabla ya jicho: mlio wa mafuta unafifia na povu linakuwa dogo.

Tulibadilisha mambo mawili. Tulipunguza hadi sambusa 2, kwani tuliziona nyingi zikibaki. Halafu tulizikaanga mara mbili. Mchana zinapita kwenye mafuta ya nyuzi 150 kwa dakika 3, gamba linashika bila kubadilika rangi, zinapozwa haraka na kuingia kwenye friji. Hilo linafaa tu kama nyama ya ndani imeshaiva kabisa kabla ya kufungwa. Usilifanye na nyama mbichi. Jioni zinarudi kwenye mafuta ya nyuzi 180 hadi zipate rangi na ndani ziwe moto kabisa, na mkupuo mzima unachukua dakika 3 na nusu. Sambusa 192 kwa mikupuo 5, chini ya dakika 18. Tunaanza dakika 27 kabla ya adhana, tunamaliza dakika 9 kabla. Zinasubiri kwenye waya juu ya trei, zisirundikwe, zisifunikwe. Mtu mmoja mwema alizifunika kwa karatasi ya alumini ili zisipoe, na mvuke wake wenyewe ukazilainisha zote katika dakika 5.

Wali nao tulijifunza kwa kuangalia mabaki. Wiki ya kwanza tulipima gramu 100 za mchele mkavu kwa kila mtu, kilo 9.6, na ndoo ya mabaki ilijaa kila usiku. Mwenye njaa huagiza kwa macho. Lakini akishakunywa maji, supu na kula sambusa, akarudi kutoka kuswali, tumbo lake limeshatulia na halitaki sahani kubwa. Tulishuka hadi gramu 75, sahani ndogo zaidi, na sufuria ya pili ndogo inayoiva dakika ya 25 kwa atakayeomba nyongeza. Nyongeza ilikuwa bure, na bado tulipika pungufu. Wali uliobaki sufuriani hatukuuacha juu ya jiko hadi usiku. Unatandazwa kwenye trei pana na kuingia kwenye friji ndani ya saa moja, kwa kuwa wali vuguvugu huzaa sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi.

Sasa niseme la watu wangu, maana hapo nilikosea vibaya kuliko kwenye supu.

Tulikuwa 14: sita jikoni, sita ukumbini, wawili kwenye vyombo. Kati yao 9 walikuwa wamefunga. Siku ya kwanza niliwaambia, "Wageni kwanza, sisi tutafuturu wakishatulia." Niliona ni adabu ya kazi. Dakika ya 25 dada mmoja wa ukumbini, ambaye alikuwa amekunywa funda moja la maji basi, aliweka trei juu ya kaunta, akashika ukuta na kukaa chini sakafuni. Uso ulikuwa umepauka. Tulimpa maji na tende, akapata nafuu, lakini alichoniambia baadaye kimebaki nami: "Kaka, nilisikia adhana nikiwa na tende za watu mkononi." Katika dini imesisitizwa kuharakisha kufuturu jua likizama, na mimi nilikuwa nimemzuia mtu mwenye haki hiyo ili nihudumie wengine haki hiyohiyo.

Tangu siku ya pili, sifuri ikifika, kazi inasimama. Kila aliyefunga ana kikombe chake cha maji na tende zake 3 mahali alipo, jikoni na ukumbini. Dakika 5 hakuna anayebeba kitu. Hili linawezekana tu kwa sababu wimbi lote la kwanza limeshafika mezani. Ndiyo maana nasema mpango wa chakula na mpango wa watu ni kitu kimoja. Baada ya hapo nusu ya waliofunga wanakwenda kuswali, wakirudi dakika ya 12 wanakwenda wa pili. Wakati wa Magharibi ni mfupi, hauruhusu kusema "mkimaliza usiku". Wenzetu 5 wasiofunga walishika majiko kuanzia dakika 5 kabla hadi dakika ya 20. Walijitolea wenyewe, na kwa malipo ya hisani hiyo walipewa mapumziko ya mapema mchana na chumba cha stoo cha kulia chakula kwa faragha. Sikuuliza mtu kwa nini hafungi. Leo hafungi, kesho anafunga, huo ni mwili wake na Mola wake, na meneja hana haja ya kujua zaidi ya jina la kuandika kwenye zamu.

Zamu nazo tulizisogeza. Siku za kawaida wapishi wa jioni wanaingia saa 4 asubuhi. Kwenye mfungo ni kuwachosha bure. Tuliwaleta saa 8 mchana, na kazi zote za kisu zikapangwa saa ya kwanza na ya pili, kabla mikono haijalegea. Karibu na Magharibi ndipo watu hukatika vidole. Aliyefunga hakai kwenye mafuta zaidi ya dakika 20 mfululizo. Joto la pale linamkausha mtu ambaye hawezi kunywa. Na kuonja? Wanazuoni wengi wanamruhusu mpishi aonje kwa ncha ya ulimi kwa haja na kutema, lakini wapishi wangu wawili hawakupenda, na sikuwalazimisha. Chumvi tuliipima kwa mizani: gramu 8 kwa lita, gramu 160 kwenye lita 20 za supu. Asiyefunga akaonja kuthibitisha. Supu haijawahi kuwa sawa kila siku kama mwezi ule.

Kuna kosa moja la wakati ambalo linaniuma hadi leo. Siku ya sita televisheni ya ukumbini ilikuwa imewashwa kwenye matangazo ya mji mwingine ulio mashariki yetu. Adhana ikatoka kwenye televisheni, na meza 7 za karibu nayo zikafungua. Dakika 3 baadaye ikatoka adhana ya msikiti wetu. Ukumbi ulinyamaza. Jua huzama mapema kadiri unavyokwenda mashariki, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, mwendo wa kilomita 111 hivi kwenye ikweta. Dakika 3 zinaonekana ndogo kwa mtu wa hoteli. Kwa aliyefunga siku nzima ni saumu yake: wanazuoni wengi wanasema aliyekula akidhani jua limezama, kumbe bado, atailipa siku hiyo. Nilizunguka meza zote 7 nikiomba radhi. Mama mmoja alinijibu, "Tutalipa, baba, usilie," na kweli nilikuwa karibu kulia.

Tangu hapo televisheni inazimwa dakika 30 kabla, na simu za wafanyakazi zinanyamazishwa, kwani programu za simu nazo huweza kuwa zimewekwa mji usio wetu au hesabu nyingine. Kijana mmoja anasimama nje mlangoni kusikiliza msikiti wa jirani. Akiinua mkono, mimi nasema "Bismillahi" kwa sauti katikati ya ukumbi. Hakuna ishara nyingine.

Malipo tuliyahamisha pia. Mwanzoni wageni wote walitaka bili dakika ya 55, maana wanawahi Isha na Tarawehe, na foleni ilifika mlangoni. Kwa kuwa chakula kimeshachaguliwa, tulianza kupokea malipo wakiwa wameketi, kati ya dakika 30 na 15 kabla ya adhana, muda ambao hawana la kufanya ila kungoja. Akimaliza kula anaondoka tu.

Na mlangoni tuliweka kikapu cha tende na maji kwa wanaochelewa. Daima kuna aliyekwama njiani, anayefika dakika ya 4 anatweta. Kwanza anapewa cha kufungulia, maswali ya meza baadaye. Wapita njia nao walichukua. Mwenye mkahawa aliniuliza kama kikapu kile kina hesabu. Nikamwambia ni tende kilo moja kwa siku, akasema ziwe mbili.

Kumi la mwisho mambo hubadilika. Jioni za kawaida zinapungua, watu wako kwenye ibada au wanafuturu nyumbani, kisha ghafla unapata kundi la watu 40 wanaofuturisha ndugu. Tulipunguza maandalizi hadi watu 60 na kuweka sharti kwamba kundi kubwa liseme siku moja kabla.

Ila siku ya 29 hakuna sharti linaloisaidia. Unahudumia futari bila kujua kama kesho kuna futari nyingine au ni Idi. Mwaka wa kwanza nilipokea nyama ya siku ya 30 mchana ule, kilo 14, na mwezi ukaandama. Mwaka uliofuata nilizungumza na mchinjaji mapema: nyama anayo kwake, mimi sichukui hadi nimpigie. Unga wa sambusa haukukandwa, chupa 24 zilioshwa na kupangwa kichwa chini zikiwa tayari kwa lolote. Tulimaliza wimbi la pili, tukakusanyika wote jikoni kuzunguka redio ndogo, waliofunga na wasiofunga, na mchinjaji naye alikuwa upande wa pili wa simu, hajafunga duka, akisubiri kama sisi.